Chati ya pivoti imegoma kuona mwezi wa Juni, mistari mipya ipo chini lakini haisomwi

KaraniWaSteji (aliyeanzisha uzi)

Wakuu habari za asubuhi. Mimi ni karani kwenye ofisi ya chama cha matatu hapa Nairobi, tuko na magari 6. Kila jioni makondakta wakishaleta hesabu, najaza mstari mmoja kwa kila gari kwenye Excel 2016. Shiti inaitwa Daftari na safu zake ni Tarehe, Gari, Dereva, Makusanyo, Mafuta, Mwezi. Mwezi naandika mwenyewe kwa mkono: Aprili, Mei, na kadhalika.

Mwisho wa Mei nilitengeneza chati ya pivoti inayoonyesha makusanyo ya kila mwezi. Mwenyekiti aliipenda sana, akasema iwe inaletwa kila kikao. Sasa tuko tarehe 10 Juni, nimeshajaza siku 9 za Juni chini ya zile za Mei, na chati haijui kabisa kama Juni imefika. Aprili ipo, Mei ipo, basi. Nimebonyeza Refresh hadi kidole kinauma. Nimefunga faili nikafungua. Nimezima kompyuta nikawasha. Hakuna.

Kikao ni Jumamosi. Nisaidieni jamani.

FundiLuthuli

Hiyo ni rahisi dada. Bofya chati kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Select Data, halafu vuta eneo lishuke mpaka mstari wa mwisho. Dakika moja imeisha.

KaraniWaSteji

Asante kaka, nimeenda huko. Add, Edit na Remove zote zimefifia, hazibonyezeki. Hapo juu kwenye eneo inanionyesha shiti nyingine kabisa, ile yenye pivoti, sio Daftari.

MwekaHazinaUmoja

Mimi naweka hesabu za chama chetu cha akina mama na sijawahi kuona shida hiyo. Pivoti yangu inajisasisha yenyewe hata sijagusa kitu. Nilichofanya ni kuandika eneo bila namba ya mwisho, yaani A1:F tu. Jaribu hivyo dada yangu.

FundiLuthuli

Mama hiyo ni Google Sheets, sio Excel.

MwekaHazinaUmoja

Aaa, kumbe. Mimi niliona mistari na safu nikajua ni ile ile. Endeleeni basi, nasoma.

MhasibuMstaafu

Karani, tuanze taratibu. Select Data ni ya chati ya kawaida. Chati ya pivoti haina eneo lake yenyewe, inachora tu kile ambacho pivoti imekionyesha. Kwa hiyo usiulize chati, uliza pivoti. Na pivoti nayo haitazami Daftari moja kwa moja. Inatazama nakala ya data iliyoichukua siku uliyoitengeneza, na kila ukibonyeza Refresh inarudi kuchukua nakala nyingine.

Swali ni inarudi kuchukua wapi. Nenda kwenye shiti yenye pivoti, bofya ndani yake mahali popote, nenda tabo ya Analyze, bonyeza Change Data Source. Usibadilishe kitu. Niandikie hapa kilichoandikwa kwenye kisanduku, herufi kwa herufi, halafu ubonyeze Cancel.

KaraniWaSteji

Imeandikwa hivi mzee:

```
Daftari!$A$1:$F$379
```

Na kwenye Daftari imetokea mistari meusimeusi inayozunguka data, inaishia kwenye gari la sita la tarehe 31 Mei. Mstari wa 379 haswa.

MhasibuMstaafu

Basi umejijibu nusu. Siku ulipotengeneza pivoti, Excel ilipima data ikakuta inaishia 379, ikachora mpaka hapo. Zile namba za mistari, 1 na 379, ni vigingi. Refresh inakwenda kusoma tena kilicho ndani ya vigingi. Ukibadilisha makusanyo ya tarehe 14 Mei halafu ukarifreshi, chati itabadilika, jaribu uone. Lakini Juni imeanzia mstari wa 380, nje ya kigingi. Unaweza kubonyeza Refresh mpaka kikao kipite na itakuletea Mei ile ile, tena ikiwa safi kabisa.

Ndiyo maana kosa hili huchosha watu. Kitufe hakikatai wala hakitoi onyo, na kazi yake kinaifanya.

FundiLuthuli

Sawa nilikosea kwa Select Data. Lakini dawa ni hapo hapo kwenye Change Data Source. Andika Daftari!$A:$F, safu nzima. Hutarudi tena huko maisha yako yote. Wateja wangu wote nawafanyia hivyo.

HadweaKariobangi

Fundi mimi nilifanyiwa hivyo na mtu kama wewe, pengine ni wewe. Niko na duka la vifaa vya ujenzi. Chati yangu ya mauzo kwa fundi ilikuwa na kina Otieno, kina Mwangi, halafu mwisho kuna mtu anaitwa (blank). Mdosi akaniuliza huyu Blank ni nani na mbona hanunui kitu. Nikamwambia ni mteja mpya.

FundiLuthuli

😂 Unaondoa tiki tu kwenye kichujio, (blank) inapotea.

MhasibuMstaafu

Inapotea, ni kweli. Lakini shikeni hilo neno la "kuondoa tiki tu", nina hakika tutalirudia. Safu nzima ni mistari zaidi ya milioni moja na karibu yote ni mitupu, kwa hiyo pivoti inabeba utupu na kuuita (blank). Inafanya kazi, sikatai, na nimeona ofisi kubwa zinaishi nayo. Mimi siipendi, kwa sababu siku mtu akiandika chochote chini kabisa kwenye safu D, hata jumla yake ya pembeni ya mafuta, kinaingia kwenye hesabu bila wewe kujua.

Karani, fanya hivi. Bofya seli yoyote ndani ya data ya Daftari, bonyeza Ctrl+T. Itakuuliza kama data ina vichwa, acha tiki ibaki. Kabla ya OK angalia eneo inalopendekeza limeshuka mpaka mstari wako wa mwisho. Kama uliacha mstari mtupu kati ya Mei na Juni ili papendeze, itaishia hapo kwenye utupu, na utakuwa umerudi ulikotoka. Ukishapata jedwali, kwenye tabo ya Design kushoto kuna Table Name, andika tblDaftari, bonyeza Enter.

Halafu rudi Change Data Source, futa yote yaliyomo kwenye kisanduku, andika tblDaftari peke yake. Hilo watu wanalisahau. Wanafanya Ctrl+T wanaona rangi nzuri ya buluu, wanadhani imeisha, kumbe pivoti bado imeshika vigingi vya zamani.

KaraniWaSteji

Ctrl+T imekubali, imeshuka mpaka 433. Jina nimeweka. Lakini Change Data Source imenikatalia! Nikibonyeza OK inaleta ujumbe mrefu kwamba pivoti hii imeunganishwa na vichujio ambavyo vimeunganishwa na pivoti nyingine, eti nivitenganishe kwanza. Sijui hata vichujio gani.

MhasibuMstaafu

Una slaisa? Vile vitufe vya kubonyeza, pengine vya kuchagua gari?

KaraniWaSteji

Ndiyo! Kuna slaisa ya Gari kwenye shiti ya Ripoti. Niko na pivoti mbili, moja ya makusanyo na moja ya mafuta, na mwenyekiti akibonyeza namba ya gari chati zote mbili zinabadilika pamoja.

MhasibuMstaafu

Ndio hiyo. Slaisa moja haiwezi kuongoza pivoti mbili zinazokunywa visima viwili tofauti, na ukibadilisha moja tu tayari ni visima viwili. Bofya slaisa kitufe cha kulia, chagua Report Connections, ondoa tiki kwenye pivoti ya mafuta. Sasa slaisa ina pivoti moja tu. Badilisha chanzo cha makusanyo kiwe tblDaftari, kisha nenda kwenye ya mafuta uibadilishe nayo iwe tblDaftari. Zikishakunywa kisima kimoja, rudi Report Connections urudishe tiki.

FundiLuthuli

Au ufute slaisa, ubadilishe zote mbili, uweke slaisa mpya. Haraka zaidi.

MhasibuMstaafu

Hata hiyo inafanya kazi. Atapoteza tu rangi na mpangilio aliouweka.

KijanaWaMakro

Samahani kuingilia, mbona mnamzungusha dada wa watu? Hii ni kazi ya mistari mitatu. Weka kwenye shiti yenye pivoti, kila ukiifungua inajirifreshi:

```
Private Sub Worksheet_Activate()
    Me.PivotTables(1).PivotCache.Refresh
End Sub
```

MhasibuMstaafu

Kijana, soma uzi kutoka juu. Amesharifreshi mpaka kidole kinauma. Makro yako ingemrifreshia mstari wa 1 hadi 379 kwa kasi zaidi.

KijanaWaMakro

Aya, nimeona. Lakini akishaweka jedwali itamfaa.

MhasibuMstaafu

Hapo ndiyo, itamfaa. Jedwali linasogeza mpaka, lakini halirifreshi pivoti. Kwa mtu anayefungua faili mara moja kwa siku, mimi ningechagua ile tiki iliyo PivotTable Options, tabo ya Data, "Refresh data when opening the file". Haihitaji kuhifadhi faili kama xlsm wala kumweleza mwenyekiti kwa nini Excel inamtisha na mambo ya usalama.

KaraniWaSteji

Wazee nimefanya yote. Slaisa nimetenganisha, pivoti zote mbili nimezibadilisha, slaisa nimerudisha. Change Data Source sasa inasoma tblDaftari kwa zote mbili. Nimerifreshi kwa Ctrl+Alt+F5.

Chati ni ile ile. Aprili, Mei. Hakuna Juni.

Nataka kulia.

HadweaKariobangi

Pole dada. Mimi yangu pia ilinifanyia hivyo baada ya Ctrl+T. Niligundua nilikuwa nimewasha Total Row, ule mstari wa jumla chini ya jedwali. Nikawa najaza mauzo chini ya ule mstari wa jumla kila siku. Kwa macho inaonekana ni jedwali moja, kumbe jedwali limeishia kwenye jumla, na mimi naandika barabarani. Nilijaza wiki mbili nje. Angalia kona ya chini kulia ya jedwali lako, kuna kialama kidogo kama kipembe. Kipembe kikiwa kwenye mstari wa mwisho wa Juni, uko ndani.

KaraniWaSteji

Nimeangalia, kipembe kiko F433, na 433 ni gari la sita la tarehe 9 Juni. Sina Total Row.

FundiLuthuli

Faili imeharibika hiyo. Nakili kila kitu kwenye faili mpya uanze upya. Ofisi za siku hizi zinafungua faili kwenye flashi disiki zenye virusi.

MhasibuMstaafu

Hapana, tusianze mazishi na mgonjwa anapumua. Karani, tuhesabu. Kwanza hakikisha slaisa ya Gari haijachagua gari lolote. Kisha kwenye pivoti ya makusanyo buruta Gari uitie kwenye Values, itahesabu mistari. Niambie Grand Total ya hiyo Count of Gari ni ngapi. Halafu kwenye seli tupu mahali pengine andika:

```
=COUNTA(Daftari!B:B)-1
```

Nipe namba zote mbili.

KaraniWaSteji

Pivoti: 366. Fomula: 432.

MhasibuMstaafu

Tofauti ni 66. Lakini magari 6 kwa siku 9 za Juni ni 54. Hiyo 12 ya ziada imetoka wapi?

Nikiangalia upya, Aprili ina siku 30, Mei 31. Siku 61 mara 6 ni 366, ndiyo pivoti inayosema. Lakini Daftari ya kwanza iliishia mstari wa 379, ukitoa kichwa ni 378. Kwa hiyo hata kabla ya Juni kulikuwa na mistari 12 kwenye Daftari ambayo pivoti haikuionyesha. Magari 6, siku 2. Una siku mbili mahali fulani ulizozificha.

KaraniWaSteji

Eeeh mzee umejuaje! Ni tarehe 30 na 31 Machi. Tulikuwa tunajaribu mfumo, hesabu hazikuwa kamili, makondakta wengine walileta nusu. Mwenyekiti alisema hataki kuona Machi kwenye chati. Nikaitoa.

MhasibuMstaafu

Uliitoaje? Ulifuta mistari?

KaraniWaSteji

Hapana, niliogopa kufuta. Niliondoa tiki tu kwenye Machi.

MwekaHazinaUmoja

"Kuondoa tiki tu" 😄

MhasibuMstaafu

Ndiyo hapo penyewe. Nenda kwenye pivoti, bofya kile kishale cha kichujio juu ya miezi. Utaona orodha. Usibadilishe kitu bado, niambie tu Juni imo kwenye orodha au haimo, na kama imo ina tiki au haina.

KaraniWaSteji

IMO!!! Haina tiki! Aprili ina tiki, Mei ina tiki, Machi haina, Juni haina. Lakini mimi sijawahi kuigusa Juni, naapa. Juni haikuwepo siku naondoa tiki.

MhasibuMstaafu

Ndiyo sababu haina. Ulipoondoa tiki kwenye Machi ulidhani unaiambia Excel "ficha Machi". Yenyewe ikaelewa "onyesha Aprili na Mei". Kwa ofisi yako siku ile maneno hayo mawili yalikuwa na maana moja. Siku Juni ilipoingia, yakaachana. Mwezi mgeni hauko kwenye orodha ya walioalikwa, kwa hiyo unabaki nje ya mlango.

Weka tiki kwenye Juni, chati itajaa sasa hivi. Namba iwe 420, yaani 366 na 54.

Halafu ili Julai isikufanyie hivi, bofya jina la mwezi wowote kwenye pivoti kitufe cha kulia, Field Settings, tabo ya Subtotals & Filters, weka tiki kwenye "Include new items in manual filter". Kuanzia hapo Machi itabaki imefichwa na mwezi mpya utaingia wenyewe.

KaraniWaSteji

420! Na Juni imetokea kwenye chati, kafupi kake pembeni. Mzee Mungu akubariki. Nimeweka na ile tiki ya pili.

Lakini niulize, mbona sikuona alama yoyote? Kichujio si huwa kinaonyesha kifaneli?

MhasibuMstaafu

Kinaonyesha, kwenye pivoti yenyewe na kwenye kitufe cha Mwezi kinachokaa ndani ya chati. Wewe chati yako ina hivyo vitufe vya kijivu?

KaraniWaSteji

Nilivificha vyote, Hide All Field Buttons. Vilikuwa vinaharibu sura. Na shiti ya pivoti huwa siifungui, mwenyekiti anaona Ripoti tu.

MhasibuMstaafu

Basi kifaneli kilikuwepo muda wote, kwenye chumba ambacho haingii mtu.

Kwa mwingine atakayepita hapa na shida kama hii, hiyo orodha ya kichujio ndiyo mahali pa kutazama kwanza. Ukirifreshi halafu mwezi mpya haumo kabisa kwenye orodha, data haijafika, nenda ukaangalie chanzo. Ukiwa umo bila tiki, data imefika lakini umeizuia wewe. Karani alikuwa na yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana alipotengeneza la kwanza akaona hakuna kilichobadilika. 366 kabla, 366 baada.

HadweaKariobangi

Mimi ningerudisha vigingi vya zamani nikidhani nimeharibu.

FundiLuthuli

Hapo kwa Include new items sikuwa najua, nakubali. Nimejifunza. Ila bado nasema njia ya mkato ni kubofya mara mbili Grand Total, inafungua shiti mpya yenye mistari yote iliyohesabiwa. Ungeona mara moja kwamba Juni haimo.

MhasibuMstaafu

Angeona haimo, ni kweli, lakini asingejua ni kwa nini. Kubofya Grand Total mara mbili kunatoa mistari iliyopita kwenye kichujio tu. Kwa Karani ingetoa 366 siku ya vigingi, na ingetoa 366 hata baada ya jedwali. Ni chombo kizuri ukishafungua vichujio vyote kwanza.

KijanaWaMakro

Toleo jipya la 365 limeanza kuja na Auto Refresh ya pivoti. Hata makro yangu itakufa.

MhasibuMstaafu

Itakufa makro yako, ila vigingi na kichujio vitabaki pale pale.

KaraniWaSteji

Wakuu nimerudi na swali lingine, msinichoke. Mwenyekiti amesema kwa kuwa sasa ni mimi na kijana wa wikendi tunaojaza, anataka Daftari ifungwe kwa nywila, tuweze kujaza mistari mipya lakini tusiweze kugusa ya zamani. Nimefunga kwa Protect Sheet, nikafungua seli za chini 434 mpaka 3000 ili zijazwe. Nimejaza gari moja la leo. Kipembe kimebaki F433. Jedwali halijashuka!

HadweaKariobangi

Karibu barabarani 😂

FundiLuthuli

Kwenye Protect Sheet kuna orodha ya ruhusa, weka tiki kwenye Insert rows. Litashuka.

KaraniWaSteji

Nimeweka Fundi. Bado.

MhasibuMstaafu

Halitashuka. Jedwali kwenye shiti iliyofungwa halijinyooshi, hata ukiruhusu Insert rows. Hapo mwenyekiti amekuomba vitu viwili visivyopatana.

Kuna njia ya zamani, ya kabla watu hawajazoea Ctrl+T. Nenda Formulas, Name Manager, New, jina eneoDaftari, na kwenye Refers to uweke:

```
=Daftari!$A$1:INDEX(Daftari!$F:$F,COUNTA(Daftari!$A:$A))
```

Halafu chanzo cha pivoti zote mbili kiwe eneoDaftari badala ya tblDaftari, kwa utaratibu ule ule wa slaisa. Inahesabu tarehe zilizopo kwenye safu A na kuishia hapo, shiti iwe imefungwa au la. Sasa hivi ingeishia 434 kwa sababu umeongeza gari moja.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa. Inahesabu seli zilizojazwa, haitafuti ya mwisho. Kijana wa wikendi akisahau kuandika tarehe kwenye mistari miwili, eneo linaishia mistari miwili kabla ya mwisho, na magari mawili ya mwisho yanapotea kimya. Na funga Daftari peke yake. Shiti zenye pivoti ukizifunga, Refresh nayo itakataa.

KijanaWaMakro

Au makro inayofungua nywila, inaongeza mstari, inafunga tena. Naweza kumwandikia.

MhasibuMstaafu

Na nywila itakaa ndani ya makro ambapo kijana wa wikendi anaweza kuisoma. Mimi ningemwambia mwenyekiti aache Daftari wazi, Karani ahifadhi nakala ya faili kila Jumamosi. Lakini mimi si mwenyekiti.

FundiLuthuli

Makro nayo inaweza kufungwa kwa nywila yake.

MhasibuMstaafu

Wewe mwenyewe pale Luthuli unazifungua hizo kwa bei gani?

FundiLuthuli

Hiyo ni siri ya kazi mzee.

KaraniWaSteji

Nitajaribu ile ya INDEX kesho asubuhi kabla magari hayajatoka, nione kama kijana wa wikendi ataweza kukumbuka tarehe. Kuhusu Machi, mwenyekiti amepita hapa sasa hivi akaangalia chati, akaniuliza mbona hakuna Machi.